Kusahihisha ongezeko la asilimia na mgawanyo wa uwiano pale mwanafunzi anapotumia msingi usio wake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na walimu wanaosahihisha karatasi za hesabu, hasa wanaoanza kusahihisha kwa kutumia mwongozo wenye alama za njia na alama za jibu. Karibu yote yanazunguka jambo moja: mwanafunzi anajua kukokotoa, ila anakokotoa juu ya namba isiyostahili. Ili tusirukeruke, nitatumia swali moja la mfano tangu mwanzo hadi karibu na mwisho.

Maktaba ilikuwa na vitabu 240. Vikaletwa vitabu vipya, vyote pamoja vikawa 300.

(a) Vitabu viliongezeka kwa asilimia ngapi? (alama 3)

(b) Vitabu vipya viligawanywa kati ya chumba A na chumba B kwa uwiano wa 2:3. Chumba B kilipata vitabu vingapi? (alama 3)

(c) Mwaka uliofuata vitabu vyote vya maktaba viliongezeka tena kwa asilimia ileile ya (a). Vilifika vingapi? (alama 2)

Majibu sahihi ni asilimia 25, vitabu 36 na vitabu 375. Na hii ndiyo karatasi iliyo mbele yako:

```
(a) 300 - 240 = 60
    60/300 x 100 = 20%

(b) 2 + 3 = 5
    300/5 x 3 = 180

(c) 20/100 x 300 = 60
    300 + 60 = 360
```

Karatasi hii inastahili alama ngapi?

Mimi naipa 4 kati ya 8. Tuipitie taratibu, maana sababu za kila alama ndizo zitakazojibu maswali mengine.

Katika (a), mwongozo wa kawaida una alama ya njia (M1) kwa kupata ongezeko lenyewe, yaani 60, alama nyingine ya njia kwa kuligawanya kwa kiasi cha awali na kuzidisha kwa 100, kisha alama ya jibu (A1) kwa 25. Mwanafunzi wetu amepata 60, kwa hiyo M1 ya kwanza ni yake na haiguswi. Ya pili hapati. Hapa wasahihishaji wengi hulegea, wanaona "amegawanya, amezidisha kwa 100, njia ameijua." Lakini alama hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kugawanya. Imewekwa kwa ajili ya kujua unagawanya kwa nini. Ukiitoa kwa 60/300, umelipia kitu ambacho hakipo kwenye karatasi. Jibu nalo limekosewa, basi (a) ni alama 1.

Katika (b), 2 + 3 = 5 ni M1. Ameelewa kwamba uwiano wa 2:3 unazaa mafungu 5. M1 ya pili ni ya kuchukua vitabu 60, kuvigawa katika mafungu 5 na kuchukua mafungu 3. Yeye amechukua 300, maktaba nzima. Anapata alama 1.

Katika (c) ametumia asilimia yake mwenyewe, ile 20, na ameiweka juu ya msingi sahihi wa sehemu hii, ambao ni 300. Kwa kosa la (a) ameshaadhibiwa, na (c) imejengwa juu ya jibu la (a). Alama zote 2 ni zake kwa kufuatilia kosa, mradi mwongozo unaruhusu.

Kwa nini kwenye (b) asipewe alama 2? Mgawanyo wenyewe ameufanya vizuri kabisa.

Hoja hii ina uzito, na nimeona timu za usahihishaji zikigawanyika juu yake. Wanaotetea alama 2 wanasema swali linapima uwiano, na uwiano ameujua: 300 katika mafungu 5 ni 60, mara 3 ni 180. Hesabu haina doa.

Mimi nasimama kwenye alama 1 kwa sababu ya maneno ya swali. Mwandishi wa swali hakutoa 60 waziwazi. Aliandika "vitabu vipya" akamwacha mwanafunzi atambue kwamba vitabu vipya ni 60. Huo utambuzi ni sehemu ya kinachopimwa. Angetaka kupima mgawanyo peke yake angeandika "vitabu 60 viligawanywa" na kazi ingeishia hapo. Aidha jibu lenyewe linajishtaki: vitabu vipya vyote ni 60, chumba B kitapataje 180?

Lakini kama timu yenu imekubaliana kabla ya kuanza kwamba kiasi chochote kikigawanywa sawasawa kwa 2:3 kinapata M1 mbili, fuateni hivyo kwa karatasi zote. Kinachoharibu ni kubadili msimamo kwenye karatasi ya arobaini.

Nitajuaje kwamba kosa ni la msingi na si uzembe wa kunakili?

Tazama namba aliyoitumia imetoka wapi. Mwanafunzi akiandika 60/204 badala ya 60/240, amepindua tarakimu. Namba 204 haimo kwenye swali, na mahali alipoiweka ni mahali pa kiasi cha awali. Huyo amesoma vibaya, na miongozo mingi ina kanuni yake kwa hilo: anapoteza alama ya jibu, wakati mwingine na moja zaidi, lakini njia inahesabiwa mradi ugumu wa swali haujapungua.

Kosa la msingi ni tofauti. Namba aliyotumia imo kwenye swali, imenakiliwa vizuri, ila imewekwa kwenye kiti cha mwenzake. 300 ni namba halali ya swali hili, ila si asili ya sehemu hii.

Kuna dalili nyingine ya haraka kwa ongezeko la asilimia. Kugawanya kwa kiasi kipya daima huleta asilimia ndogo kuliko ya kweli, kwa kuwa kiasi kipya ni kikubwa kuliko cha awali. Swali likiwa la upungufu, mambo yanageuka: msingi usio sahihi huleta asilimia kubwa kuliko ya kweli. Kutoka 300 kushuka hadi 240 ni upungufu wa asilimia 20. Aliyegawanya kwa 240 ataandika 25. Kabla sijaanza kusahihisha huwa nakokotoa majibu hayo ya makosa na kuyaandika pembeni ya mwongozo, ili nikiyaona nijue yametoka wapi.

Mwanafunzi ameandika 240/300 × 100 = 80%, kisha 100 − 80 = 20%. Nimpe alama ya ongezeko?

Hapana, kwa sababu 60 haionekani popote. Amefika kwenye 20 ileile kwa mlango mwingine: ameifanya 300 kuwa asilimia 100, kisha akatafuta 240 ni asilimia ngapi ya hiyo. Msingi wake ni 300 kuanzia mstari wa kwanza.

Najua inauma kidogo. Mwenzake aliyetoa 300 − 240 kisha akakosea kama yeye anapata alama 1, huyu anapata sifuri, na wote wana kosa lile lile. Ila alama ya njia hutolewa kwa hatua inayoweza kufika kwenye jibu. Kutoka 60 unaweza bado kufika kwenye 25. Kutoka 240/300, kama alivyoitumia, hufiki.

Linganisha na aliyeandika 300/240 × 100 = 125% akaishia hapo. Huyo msingi ameupata sawasawa, alichosahau ni kutoa 100. Miongozo mingi humpa alama za njia mpaka hapo, na hilo ni haki kabisa. Usimchanganye na wale wa 20 hata kama kwa haraka jibu lake la 125 linaonekana la ajabu zaidi. Kati ya hao wawili, wa 125 ndiye aliyeelewa.

Je, kufuatilia kosa kuna mipaka?

Kuna, na (c) ndiyo inayouonyesha mpaka huo. Mwanafunzi wetu alitumia 20/100 × 300. Akapata 360. Tumempa alama zote.

Sasa chukua mwenzake aliyepata 20% katika (a), kisha katika (c) akaandika 240 × 1.20 = 288. Asilimia ni yake, hiyo hatumwadhibu mara ya pili. Lakini swali limesema ongezeko ni la mwaka uliofuata, na wakati huo maktaba ina vitabu 300. Ameweka asilimia juu ya msingi usio wake kwa mara nyingine, na hili ni kosa jipya lililotendeka ndani ya (c). Hapati alama ya jibu, na M1 nayo hapati kwa sababu njia ya (c) ni kuongeza asilimia juu ya 300. Jibu la vitabu 288 lingepaswa kumshtua: maktaba imeongezewa vitabu, lakini imebaki na vichache kuliko 300 za mwaka uliopita.

Kwa hiyo jiulize: je, namba hii isiyo sahihi ameirithi kutoka sehemu ya nyuma, au ameizaa hapahapa? Ya kurithi unaifuatilia. Ya kuzaa unaikata.

Kwenye miongozo utakuta namba fulani zimewekwa ndani ya alama za kunukuu, kwa mfano "25" × 300 ÷ 100. Maana yake ni kwamba hapo inakubalika namba yoyote ambayo mwanafunzi aliipata kwenye sehemu ya nyuma. Namba isiyo na alama za kunukuu, kama 300 hapo, lazima iwe hiyo hiyo. Wasahihishaji wageni huzipita alama hizo bila kuziona, na nusu ya ubishi wa mezani ungeisha kama zingesomwa.

Swali likigeuzwa: "Baada ya kuongezeka kwa asilimia 25 vitabu ni 300, awali vilikuwa vingapi?" Mwanafunzi ametoa 25% ya 300 akapata 225. Anapata chochote?

Kwa kawaida, hapana. Hili ndilo swali ambalo kosa la msingi linakula alama zote, na walimu hulalamika kwamba ni ukali.

Njia sahihi huanza kwa kutambua kwamba 300 ni asilimia 125 ya kiasi cha awali. Hapo ndipo M1 ya kwanza ilipo. Kisha 300 ÷ 1.25, halafu jibu 240. Mwanafunzi aliyekokotoa 25/100 × 300 = 75 hakupita kwenye hatua yoyote kati ya hizo. Ile 75 haina maana yoyote katika hadithi ya swali: si vitabu vilivyoongezwa, kwa sababu vilivyoongezwa ni 60. Katika (a) tulimpa mwenzake alama kwa 60 kwa kuwa 60 ilikuwa kitu halisi kwenye swali.

Kama unataka kumwonyesha kosa lake, usimwandikie fomula. Mwambie akague jibu lake kwa kwenda mbele: 25% ya 225 ni 56.25, ukijumlisha unapata 281.25. Swali linasema 300. Vitabu robo robo peke yake vinatosha kumwamsha.

Kwenye uwiano, msingi unakosewa kwa namna zipi zaidi ya kuchukua jumla isiyo yake?

Nitataja mbili tu ambazo hujirudia kila mtihani.

Ya kwanza ni kuusoma uwiano kama sehemu ya kizima. Anaambiwa 2:3, anaandika 2/3 × 60 = 40 na kumpa chumba A. Ile 2/3 ni kweli kama unalinganisha A na B: A ina theluthi mbili za B. Lakini yeye ameigeuza iwe theluthi mbili za vitabu vyote. Asili aliyostahili kuitumia ni 5. Huyu hapati alama ya jumla ya mafungu, kwa sababu 5 haikuwahi kuonekana.

Ya pili huja pale swali linapotoa tofauti badala ya jumla. Tuseme: "Chumba B kilipata vitabu 12 zaidi ya chumba A, kwa uwiano wa 2:3. Kila chumba kilipata vingapi?" Tofauti ya mafungu ni 3 − 2 = 1, hivyo fungu moja ni vitabu 12, A ina 24 na B ina 36. Mwanafunzi aliyezoea "jumlisha, gawanya, zidisha" ataandika 12 ÷ 5 = 2.4, kisha 4.8 na 7.2.

Angalia jinsi alama zinavyobadilika hapa. Katika (b) tulimlipa kwa kuandika 2 + 3 = 5. Katika swali la tofauti, 5 ileile haimletei kitu, kwa sababu mafungu 5 hayalingani na vitabu 12. Yanayolingana na 12 ni fungu 1. Msahihishaji anayetoa M1 kila anapoona uwiano umejumlishwa atakuwa anagawa zawadi. Mwanafunzi akifika kwenye vitabu 7.2 na kuviacha bila kujiuliza, hilo nalo linakueleza kwamba anafuata hatua tu.

Je, mwanafunzi anaweza kutumia msingi usio sahihi akapata jibu sahihi?

Anaweza, na swali lenyewe ndilo lenye lawama.

Kwa ongezeko la asilimia, majibu mawili hayawezi kuwa sawa kabisa maadamu kuna ongezeko. Ila kukadiria hadi namba nzima kunaweza kuficha tofauti. Kutoka 500 hadi 510, njia sahihi inatoa asilimia 2 kamili. Aliyegawanya 10 kwa 510 anapata 1.96, anakadiria, anaandika 2. Ukiwa na jibu tu bila hatua, huwezi kuwatenganisha. Hatua zikionekana, aliyeandika 10/510 asipate alama ya jibu, kwa sababu jibu sahihi lililozaliwa na njia isiyo sahihi halilipwi. Dawa ni kutunga ongezeko kubwa la kutosha, tuseme robo au zaidi, ili majibu yaachane mbali.

Kwenye uwiano mtego uko kwenye watu watatu. Gawanya 90 kwa uwiano wa 2:3:4, halafu uliza wa katikati anapata ngapi. Mafungu ni 9, yake ni 3, anapata 30. Sasa mwanafunzi ambaye hakuutazama uwiano kabisa, akagawanya 90 kwa watu 3, anapata 30 vilevile. Ukitunga swali la namna hii, uliza wa kwanza au wa mwisho.

Jibu peke yake bila hatua, "20%". Naweza kumpa M1 kwa kuwa najua lilitoka kwenye 60/300?

Hapana. Unajua lilipotoka, lakini karatasi haisemi, na tumeona kwamba 20 hiyo hiyo inaweza kutoka kwenye 240/300 ambayo haina alama. Alama za njia hutolewa kwa kilichoandikwa.

Jibu sahihi 25% bila hatua ni jambo jingine: kwa kawaida linapata alama zote isipokuwa swali liwe limeagiza kuonyesha njia.

Niandike nini kwenye karatasi ya mwanafunzi ili asirudie?

Alama kubwa nyekundu ya kosa juu ya 20% haimwambii kitu, kwa sababu yeye anaona amegawanya na kuzidisha kama alivyofundishwa. Mimi huzungushia duara namba ya chini peke yake, ile 300, na kuandika pembeni: "20% ya nini?" Halafu mstari mmoja wa kumpa kazi: "Tafuta 20% ya 240, uone kama unapata 60." Atapata 48, na vitabu vikawa 288.

Kwa karatasi yetu kuna kitu kizuri zaidi cha kumwonyesha, na amekiandika mwenyewe. Katika (a) ongezeko lake ni 60 na katika (c) ongezeko lake ni 60 tena. Mzungushie zote mbili na umuulize kama 60 juu ya 240 na 60 juu ya 300 zinaweza kuwa asilimia moja. Wengi hushtukia hapo hapo.

Kwa kosa la (b) andika tu "gawanya nini?" chini ya 300, na upige mstari chini ya maneno "vitabu vipya" kwenye swali. Hana shida ya uwiano, usimrudishe kwenye mazoezi ya uwiano. Aliyeandika 2/3 × 60 ndiye wa kurudishwa huko, akachore visanduku viwili vya A na vitatu vya B kabla ya kugusa kikokotoo.